Siku Ishirini za Saa ya Angani

Tarehe 23 Juni 1977, roketi iliondoka kambi ya Vandenberg, California, ikiwa imebeba setilaiti iliyoitwa NTS-2. Ndani yake kulikuwa na saa ya atomiki ya sesiamu, ya kwanza ya aina hiyo kuwekwa katika mzunguko wa Dunia. Pembeni ya saa hiyo waliweka kifaa kidogo cha kurekebisha mapigo, chenye swichi iliyoweza kuwashwa kwa amri ya redio kutoka ardhini. Setilaiti ilipofika mahali pake, saa iliwashwa. Kifaa kikaachwa kimezimwa.

Kwa siku kama 20 hivi, wahandisi hawakukigusa. Walikuwa wanasubiri kuona kama Einstein alikuwa sahihi.

Tukisema hivyo leo inasikika kama utani, kwa sababu Einstein alikuwa amefariki miaka 22 nyuma na nadharia zake zilikuwa zikifundishwa vyuoni dunia nzima. Lakini mwanafizikia Neil Ashby wa Chuo Kikuu cha Colorado, aliyeandika sana juu ya mada hii, anasimulia kwamba kabla ya kurushwa kwa NTS-2 kulikuwa na mashaka ya kweli. Wengine hawakuwa na uhakika saa itakosea kwa kiasi gani. Wengine hawakuwa na uhakika kama itakimbia au itachelewa. Na wapo waliokuwa hawaamini kabisa kwamba jambo hili lina uhusiano wowote na kazi yao. Swichi ile ilikuwa njia ya kuyamaliza mabishano bila ugomvi: turushe kwanza, tupime, halafu ndipo tuamue.

Ili kuona kwa nini jambo hili liliwahangaisha watu waliozoea mambo magumu, inabidi kwanza tujue saa inafanya nini huko juu.

Setilaiti ya GPS haijui uko wapi, na wala haikutafuti. Kazi yake ni kutangaza tu: mimi niko hapa, na sasa hivi ni saa fulani. Simu yako inaupokea ujumbe huo, inaangalia umechukua muda gani njiani, halafu inazidisha muda huo kwa mwendokasi wa mwanga. Inapata umbali. Ikishajua umbali wake kutoka setilaiti kadhaa, inajua iko wapi. Kwa maneno mengine, hii ni rula iliyotengenezwa kwa saa. Mtu aliyeisukuma sana fikra hii ni Roger Easton wa Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani, ambaye kundi lake lilirusha setilaiti yake ya kwanza ya kupima mahali kwa kutumia saa mwaka 1967. NTS-2 ilitoka katika ukoo huohuo.

Ubaya wa rula ya namna hii ni kwamba mwanga una mbio za kutisha. Katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, yaani nanosekunde moja, unakwenda sentimita 30. Katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, yaani mikrosekunde, unakwenda mita 300. Saa ya ukutani ikikosea kwa mikrosekunde moja hakuna binadamu atakayejua. Saa ya setilaiti ikikosea hivyo, umbali unaopimwa nao umekosewa kwa mita 300, na mita 300 ni tofauti ya barabara unayoitafuta na barabara ya mtaa wa pili.

Ndiyo maana ikahitajika sesiamu. Tangu mwaka 1967, sekunde yenyewe inafafanuliwa kwa atomu hiyo: ni muda wa mapigo 9,192,631,770 ya mnururisho wake. Saa inayohesabu mapigo hayo haitegemei chemchemi wala pendulamu, na inaweza kukaa siku nzima ikakosea kwa kiasi kidogo sana. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Maadamu saa zilikuwa na makosa makubwa, uhusianifu, yaani nadharia ya Einstein kwamba muda haupiti kwa kasi ileile kwa kila mtu, ungeweza kubaki darasani. Saa zilipoboreka, nadharia ikawafuata wahandisi hadi karakana.

Einstein alisema mambo mawili, kwa nyakati mbili tofauti. La kwanza ni la mwaka 1905: saa inayokwenda kasi, ukiilinganisha na yako uliyesimama, hupiga polepole. La pili alianza kulifikiria mwaka 1907 na akalikamilisha mwaka 1915: saa iliyo karibu na kitu kizito, mahali penye mvutano mkubwa, hupiga polepole kuliko saa iliyo mbali nacho. Si kwamba saa imeharibika au imezidiwa na uzito. Muda wenyewe ndio unaopita kwa kasi nyingine.

Setilaiti ya urambazaji inaguswa na yote mawili, na yanavutana. Iko juu kama kilomita 20,200, inakimbia kama kilomita 3.9 kwa kila sekunde. Kwa ajili ya mwendo huo, saa yake inachelewa kama mikrosekunde 7.2 kwa siku. Lakini kwa kuwa iko mbali na Dunia, ambako mvutano ni dhaifu, saa hiyohiyo inakimbia kama mikrosekunde 45.8 kwa siku. Ukitoa moja kwa nyingine, jumla ni kwamba saa ya angani inakimbia kuliko ya kwetu kwa mikrosekunde 38.6 hivi kila siku.

Sasa unaona kwa nini watu walibishana hata juu ya upande. Jibu linategemea urefu wa kwenda juu. Kituo cha Kimataifa cha Angani kiko juu kilomita 400 tu, na kinakwenda mbio karibu mara mbili ya setilaiti za GPS. Huko mwendo unaushinda urefu, na saa inachelewa kama mikrosekunde 25 kwa siku. Ukipanda hadi kilomita 3,200 hivi, nguvu hizo mbili zinalingana na saa inakwenda sawa na ya ardhini. Ukipita hapo, urefu unashinda na saa inaanza kukimbia. Mhandisi aliyesoma nusu ya nadharia, ile ya mwaka 1905, angeapa kwamba saa ya NTS-2 itachelewa. Angerekebisha kwa kuiongezea kasi, na hapo angekuwa ameliongeza kosa badala ya kulipunguza.

Lakini ukisema saa inakimbia kuliko ya ardhini, msomaji makini atauliza: ya ardhini ipi? Hili ni swali zuri kuliko linavyoonekana, na Einstein mwenyewe lilimponyoka. Katika makala yake ya 1905 aliandika kwamba saa iliyo kwenye ikweta lazima ichelewe kidogo ikilinganishwa na iliyo kwenye ncha ya Dunia, kwa sababu Dunia inazunguka na ikweta ndiyo inayokwenda kasi zaidi. Kwa hesabu hiyo, saa ya Nanyuki ingechelewa karibu nanosekunde 104 kila siku ikilinganishwa na ya Ncha ya Kaskazini.

Haiko hivyo. Mzunguko uleule unaoipa ikweta kasi umeifanya Dunia itutumke katikati, kiasi kwamba mtu aliye kwenye ikweta yuko mbali na kitovu cha Dunia kwa kilomita 21 zaidi ya aliye kwenye ncha. Kuwa mbali kunaikimbiza saa, na kunaikimbiza kwa kiasi kilekile ambacho kasi inaichelewesha. Mwaka 1905 Einstein hakuwa bado na nusu ya pili ya nadharia yake, kwa hiyo hakuweza kuliona hilo. Matokeo yake ni kwamba saa zote zilizo kwenye usawa wa bahari, iwe Mombasa au Greenland, hupiga sawa. Hii ndiyo bahati iliyowapa wahandisi "saa ya ardhini" moja ya kulinganishia. Ukipanda mlima, ni habari nyingine: saa ya atomiki iliyowekwa kilele cha Uhuru, mita 5,895, ingekimbia kama nanosekunde 55 kwa siku kuliko ya Tanga.

Turudi kwa wenye mashaka, na tuwatendee haki. Hawakuwa wajinga. Ushahidi ulikuwepo, ila ulikuwa wa aina nyingine. Oktoba 1971, Joseph Hafele na Richard Keating walizunguka dunia na saa nne za sesiamu katika ndege za kawaida za abiria, mara moja kuelekea mashariki na mara moja kuelekea magharibi. Saa zilizokwenda mashariki zilipoteza nanosekunde 59, zilizokwenda magharibi zikapata 273, na nadharia ilikuwa imetabiri 40 na 275, kila moja ikiwa na nafasi yake ya makosa. Juni 1976, mwaka mmoja tu kabla ya NTS-2, roketi iliipeleka saa nyingine juu kilomita 10,000, ikapima kwa muda usiofika saa mbili na kuanguka baharini. Einstein akapita tena.

Lakini jaribio la siku chache ni tofauti na mtambo unaotakiwa ufanye kazi miaka. Ukishaiweka saa angani, hakuna fundi wa kupanda kuirekebisha. Kwa mtu anayetia saini kwamba mtambo uko tayari, swali halikuwa kama nadharia ni nzuri. Aliulizwa namba. Na namba yenyewe ilipaswa kuwa sahihi kwa urefu ule, kwa mzunguko ule, mchana na usiku.

Ndipo zikaja zile siku 20. Vituo vya ardhini vilipokea mapigo ya saa ya NTS-2 na kuyalinganisha na saa zao. Cha muhimu hapa ni namna ya kutofautisha kosa la kawaida na jambo lenyewe linalotafutwa. Ukikosea kidogo umbali wa setilaiti, unapata kosa ambalo linapanda na kushuka kadiri setilaiti inavyozunguka, halilimbikizwi. Saa yenyewe ikiwa haijatulia, inayumba huku na huku. Lakini kama Einstein yuko sahihi, tofauti inatakiwa iongezeke kila siku kwa kiasi kilekile, kama deni la dukani lenye riba isiyobadilika. Ukiichora kwenye karatasi unapata mstari ulionyooka unaopanda, na mwinuko wa mstari huo ndio jibu.

Mstari ulipanda. Nadharia ilikuwa imetabiri kwamba saa itakimbia kwa sehemu 446.5 katika kila trilioni. Kipimo kilitoa 442.5. Tuyaweke katika lugha ya siku: ilitabiriwa mikrosekunde 38.58, ikapatikana 38.23. Tofauti haikufika asilimia moja, na ilikuwa ndani ya uwezo wa saa yenyewe kukosea. Mabishano ya upande yakaisha na ya kiasi yakaisha. Amri ikatumwa, swichi ikawashwa, na kifaa kikaanza kuyapunguza mapigo ya saa ili yalingane na ya ardhini.

Setilaiti za GPS zilizofuata hazikusubiri tena. Saa zake zilirekebishwa kiwandani kabisa, kabla ya kuondoka. Mapigo ya msingi ya mfumo ni milioni 10.23 kwa sekunde, lakini saa ya setilaiti inawekwa itoe milioni 10.22999999543. Ukiipima saa hiyo ikiwa mezani, inachelewa, na fundi asiyejua inakokwenda angeirudisha ikatengenezwe. Ikifika juu inakuwa sahihi.

Hapa niseme kidogo juu ya dai ambalo pengine umeshalisikia: kwamba bila Einstein, GPS ingekosea kwa kilomita 11 kila siku. Namba yenyewe ni ya kweli, maana mwanga hukata kilomita 11 na nusu katika mikrosekunde 38.6. Ila dai linavyosemwa si sahihi.

Tuseme uko Kariakoo na simu yako inasikiliza setilaiti nne, na saa za zote nne zimekimbia kwa kiasi kilekile. Kila setilaiti itaonekana iko karibu kwa kilomita 11 kuliko ilivyo. Lakini saa ya simu yako nayo ni ya bei rahisi na haiaminiki, na ndiyo sababu zinahitajika setilaiti nne badala ya tatu: tatu za kupata mahali, na ya nne ya kupata kosa la saa ya simu. Kosa linalofanana kwa setilaiti zote litabebeshwa saa ya simu, nayo ramani itaendelea kukuonyesha Kariakoo. Kitakachobaki ni kwamba simu itadhani setilaiti ziko mahali ambapo zitafika baada ya mikrosekunde 38.6, na katika muda huo setilaiti inasogea sentimita 15 tu.

Je, basi marekebisho yalikuwa ya bure? Hapana. Ni kwamba hasara ingekuja kwa mlango mwingine. Setilaiti hazirushwi siku moja. Iliyowashwa miaka kumi iliyopita na iliyowashwa mwezi jana zingekuwa zimekimbia kwa viwango tofauti kabisa, na kosa lisilofanana haliwezi kusukumiwa saa ya simu. Vituo vya ardhini hutuma marekebisho ya kila saa, ni kweli, lakini nafasi iliyotengwa kwa marekebisho hayo ndani ya ujumbe wa setilaiti haiwezi kubeba kosa linalofika milisekunde moja. Kwa mikrosekunde 38.6 kwa siku, nafasi hiyo ingejaa baada ya siku 25 hivi, na ingebidi saa irudishwe nyuma kwa nguvu, tena na tena, kila setilaiti kwa zamu yake. Na wapo wanaoitumia GPS kwa ajili ya muda wenyewe, si mahali: minara ya simu na mitambo ya umeme ni mifano. Kwao mikrosekunde 38.6 haibebeshwi mtu mwingine, ndicho kitu chenyewe walichokuja kukichukua.

Tena kuna sehemu ya uhusianifu ambayo kiwanda hakiwezi kuirekebisha. Njia ya setilaiti si duara kamili, ni duaradufu kidogo. Ikisogea karibu na Dunia inaongeza mwendo, na saa inapungua kasi kwa sababu zote mbili kwa pamoja. Ikienda mbali, saa inakimbia. Kila setilaiti ina duaradufu yake, kwa hiyo hakuna namba moja inayozifaa zote. Kwa njia iliyopotoka kutoka duara kwa asilimia moja tu, saa inayumba nanosekunde 23 mbele na 23 nyuma katika kila mzunguko, ambayo ni karibu mita 7 za umbali kila upande. Na hili halifanani kati ya setilaiti na setilaiti, kwa hiyo linaingia moja kwa moja kwenye mahali unapoonyeshwa. Mfumo ulipobuniwa, iliamuliwa hesabu hii ifanywe na kipokezi. Kwa hiyo simu iliyoko mfukoni mwako sasa hivi, kila inapotafuta mahali, inafanya hesabu ya Einstein kwa kila setilaiti inayoisikia.

Duaradufu hiyo imewahi kuleta faida isiyotarajiwa. Agosti 2014, setilaiti mbili za Galileo, mfumo wa urambazaji wa Ulaya, zilirushwa na kuachwa katika njia isiyo yake. Bomba la mafuta kwenye hatua ya mwisho ya roketi lilikuwa limeganda, kwa kuwa lilipita karibu mno na bomba la heli baridi. Hata baada ya kusogezwa, setilaiti hizo zilibaki zikipanda na kushuka karibu kilomita 8,500, mara mbili kwa siku. Kwa urambazaji wa kawaida ilikuwa balaa. Kwa wanafizikia, kumbe, ni saa bora za atomiki zinazopita bila kukoma kutoka mvutano mkubwa kwenda mdogo na kurudi, kazi ambayo roketi ya 1976 iliifanya mara moja tu. Vikundi viwili, kimoja Paris na kingine Bremen, vilichambua siku zaidi ya elfu moja za mapigo yake, na mwaka 2018 vikatoa jibu: saa ziliyumba kama nadharia inavyosema, kwa uhakika wa mara kadhaa kuliko kipimo cha 1976.

Tofauti ya vipimo hivi viwili ndiyo inayonivutia zaidi. Mwaka 1977 saa ilikuwa ndiyo inayoshukiwa pamoja na nadharia, na swichi iliwekwa ili kuwasikiliza wote wawili. Mwaka 2018 saa haikushukiwa, njia ya setilaiti ndiyo ilikuwa mbovu, na hakuna aliyependekeza kuweka swichi.